Wageni Wameugua: Mpishi Aandike Nini?

Tuseme wewe ni mpishi wa shughuli, Morogoro. Jumamosi ulilisha wageni 220 kwenye sendofu: pilau, wali, kuku wa kukaanga, mchuzi wa nyama, kachumbari na matunda. Juisi ililetwa na mtu mwingine na keki ilitoka kwa familia. Chakula chako kilifika ukumbini saa kumi na mbili jioni, lakini ratiba ilivutwa na watu wakaanza kula saa tatu usiku. Jumapili saa moja asubuhi mwenyekiti wa kamati anakuandikia kwenye kundi la WhatsApp: “Mpishi, watu wanaumwa. Mpaka sasa tumepigiwa na watu kumi na mmoja, wanatapika na kuharisha. Chakula chako kilikuwa na nini? Na hizi gharama za hospitali nani atalipa?”

Mpishi mwenye roho nzuri, akiwa bado kitandani na mikono inamtetemeka, huandika kitu kama hiki:

“Jamani naombeni mnisamehe sana, naona aibu hata kuwapigia. Nadhani ni wale kuku, walikaa muda mrefu na vijana wangu hawakuwapasha. Ni kosa letu asilimia mia. Nitalipa matibabu ya wote walioumwa na hela yenu yote nitarudisha. Tafadhali msiwaambie watu wengine.”

Kuna mengi ya kumheshimu mtu huyu. Hajajificha, hajamtupia mwenye juisi, na hajazima simu. Lakini katika sentensi tano ametaja chanzo asichokijua, amejihukumu kwa chanzo hicho, ameahidi fedha zisizo na kikomo, na mwisho ameomba siri juu ya jambo linalohusu afya za watu. Na ameyafanya mbele ya kundi zima. Akifuta ujumbe baada ya dakika kumi, skrinishoti zimeshapigwa, na kule kufuta kutasomwa kuwa ni kuficha.

Tuanze na chanzo, maana hapo ndipo mambo mengi huharibikia. Saa moja asubuhi mpishi hawezi kujua ni kuku. Sumu ya bakteria waitwao stafilokoka, wanaotoka mara nyingi kwenye mikono au pua ya anayeandaa chakula, huanza kutapisha ndani ya nusu saa hadi saa nane hivi. Wali uliopikwa ukaachwa kwenye joto la kawaida unaweza kutapisha kwa muda unaokaribia huo huo, nusu saa hadi saa sita. Salmonela, ambayo wengi huihusisha na kuku na mayai, inaweza kuanza baada ya saa sita, lakini inaweza pia kuchukua siku kadhaa. Norovirusi, inayosambaa kwa mikono na maji machafu, kwa kawaida huchukua saa 12 hadi 48. Kwa hiyo mtu aliyeanza kutapika saa tano usiku na yule aliyeanza Jumatatu mchana huenda hawana ugonjwa mmoja. Wanaweza kuwa wameupata kwenye wali, kachumbari, barafu ya juisi, au hata nyumbani kwao kabla ya shughuli.

Unapoandika “nadhani ni wale kuku”, hujakosea kwa upande wa sheria tu. Umewaelekeza watu pabaya. Mama aliyebeba pilau kwenye kontena atasoma ujumbe wako, atapumua, kisha atampa mtoto hilo pilau. Ndiyo maana nasema kutokukisia chanzo ni sehemu ya uwajibikaji wenyewe. Anayekisia hadharani huwa anautua moyo wake mzigo, lakini wagonjwa hawapati kitu.

Huu hapa ujumbe ambao ningemshauri autume badala ya ule:

“Habari za asubuhi Mwenyekiti. Nimeupata ujumbe wako na umenishtua. Poleni sana wewe, familia na wageni wote wanaoumwa. Chakula cha jana nilikipika na kukigawa mimi na vijana wangu, kwa hiyo jambo hili nalishughulikia mwenyewe kuanzia sasa. Kwanza wagonjwa: anayetapika au kuharisha anywe ORS kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee, mwenye homa kali, anayeona damu kwenye choo au asiyeweza kubakiza maji tumboni apelekwe kituo cha afya sasa hivi. Aliyebeba chakula chochote kutoka ukumbini asile na asitupe. Akifunge, akiweke kwenye friji mbali na chakula kingine, asubiri afisa afya. Bado sijajua kilichosababisha na sitakisia. Nampigia afisa afya sasa, na nimewaagiza vijana wasiguse kilichobaki jikoni. Naomba nitumiwe kwenye namba yangu, si hapa kundini, jina la kila anayeumwa, alikula na kunywa nini, na alianza kuumwa saa ngapi. Suala la gharama nimelisikia na sitalikimbia. Tutalizungumza tukishapata taarifa ya afisa afya. Saa sita mchana nitakupigia kukueleza nilipofikia, hata kama sitakuwa na jipya.”

Ujumbe huu ni mrefu kuliko ule wa kwanza, na hivyo ndivyo unavyopaswa kuwa. Urefu wake umetokana na mambo ya kufanya. Tazama sentensi ya nne: “Chakula cha jana nilikipika na kukigawa mimi na vijana wangu.” Wapo watakaosema hiyo nayo ni kukiri. Ni kweli ni kukiri jambo, lakini ni jambo ambalo halina ubishi. Mkataba unalisema, wageni 220 waliliona. Kulikwepa kungekufanya uonekane mjanja bila kukulinda kwa lolote. Kusema “ni chakula chetu” na kusema “chakula chetu ndicho kilichowaumiza” ni mambo mawili, na katikati yake kuna kazi ya afisa afya, daktari na maabara. Mpishi anatakiwa asimame upande wa kwanza kwa miguu yote miwili, bila kurukia wa pili.

Tazama pia kwamba tahadhari kuhusu chakula kilichobebwa haikuachwa kwa kuogopa sheria. Nimewahi kusikia watu wakishauriana, “usiwaambie wasile, itaonekana umekubali kwamba ni kibaya.” Ushauri huo ni mbaya kabisa. Kuonya si kukiri. Na kama mtu wa kumi na mbili ataugua kwa sababu ulijua watu wanaumwa ukanyamaza, hapo utakuwa umetengeneza kosa jipya ambalo jana usiku halikuwepo, na hilo halitahitaji maabara kulithibitisha. Ile “msiwaambie watu wengine” ya ujumbe wa kwanza ndiyo sentensi ambayo wakili wa upande wa pili angeipenda kuliko zote.

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania na ile ya Kenya zimechota kwa sehemu kubwa kutoka Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, na zote hupokea maneno ya mtu dhidi yake mwenyewe, ya mdomo au ya maandishi, yanapogusa jambo linalobishaniwa. Ujumbe wa simu haukwepi: Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ambayo chini yake ujumbe wa kielektroniki unaweza kupokelewa mahakamani. Ujumbe wa sauti nao ni rekodi. Kukiri hakumalizi kesi moja kwa moja. Mtu anaweza kuonyesha kwamba alikiri kwa kutojua. Lakini fikiria kazi hiyo: miezi minane baadaye unamweleza hakimu kwamba “ni kosa letu asilimia mia” ulikuwa unabahatisha tu.

Nchi kadhaa zimetunga sheria za kumlinda anayeomba radhi. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilianza mwaka 1986 kwa kulinda maneno ya huruma baada ya ajali. Uingereza, katika sheria yake ya fidia ya 2006, ilisema kuomba radhi au kujitolea kumtibu mtu, peke yake, si kukiri uzembe. Hong Kong ilitunga sheria nzima juu ya kuomba radhi mwaka 2017. Katika sheria za ushahidi za Tanzania na Kenya hakuna kifungu cha jumla cha namna hiyo. Ndiyo sababu ushauri mwingi unaosambaa mitandaoni, unaosema “omba radhi tu, sheria inakulinda”, hautufai: umeandikwa kwa ajili ya watu wa mahakama nyingine.

Kuna maneno ambayo wengi huyaweka juu ya barua wakidhani yanazuia kila kitu: “bila kuathiri haki”. Maneno hayo yana nguvu, ila mahali pake ni finyu. Yanalinda mazungumzo ya kweli ya kusuluhisha mgogoro wa madai, pale pande mbili zinapopelekeana mapendekezo. Ukiyaweka juu ya ujumbe wa kwanza wa pole, hayatakulinda sana, maana hakuna mapatano yanayojadiliwa, na familia yenye wagonjwa itasoma mstari wa kwanza tu na kuona umeshapeleka jambo kwa wakili. Yaweke mtakapoanza kutajiana fedha.

Nikirudi kwenye fedha, “nitalipa matibabu ya wote walioumwa” ina shida ambayo haionekani mpaka stakabadhi zianze kuja. Hakuna idadi, tarehe, kituo wala kiwango. Kati ya watu 220, wiki hiyo hiyo atakuwepo mwenye malaria, mwenye vidonda vya tumbo vya siku nyingi, na aliyekwenda hospitali binafsi kufanya vipimo vyote. Wote wameumwa, na wewe uliandika “wote”. Zaidi ya hapo, mwenyekiti akijibu, “Sawa, tumekubali, basi hatutafungua madai,” kuna hoja nzuri kwamba hapo pamezaliwa makubaliano: umeahidi, naye ameacha kitu kwa ajili ya ahadi yako. Halafu ukishindwa kulipa, hudaiwi tena kwa kuugua kwa watu. Unadaiwa kwa neno lako.

Kama una bima ya madhara kwa watu wengine, fungua hati yako kabla ya kuandika lolote kuhusu fedha au kosa. Karibu kila hati ya aina hiyo ina sharti linalokataza mwenye bima kukiri, kuahidi, kutoa ofa au kulipa bila kibali cha maandishi cha kampuni. Ukilivunja, kampuni inaweza kukataa dai, na ahadi yako ya saa moja asubuhi itabaki kuwa yako peke yako. Sharti hilo hilo liko kwenye bima ya gari, na madereva wengi hulivunja pale pale barabarani kabla hata trafiki hajafika.

Je, mtu maskini asubiri maabara ndipo apate nauli ya kwenda kituo cha afya? Hapana. Kutoa msaada leo na kukubali deni ni vitu tofauti, mradi utofauti huo uandikwe. Ukiwa huna bima, au kampuni yako ya bima imeridhia, tuma fedha pamoja na maneno haya: “Mwenyekiti, nimetuma shilingi 150,000 kwa ajili ya ORS, dawa na usafiri wa leo kwa wanaohitaji. Huu ni msaada wa dharura. Si malipo ya dai la mtu yeyote, na haumzuii yeyote kudai haki yake baadaye.” Sentensi ya mwisho wengi huiacha, nami nasisitiza iwepo. Inaonyesha kwamba hununui kimya cha mtu, na familia inaona mara moja kwamba kujilinda kwako hakukuja kwa gharama yao.

Kuna hatari ya upande wa pili, nayo huwapata hasa waliokwisha kusoma makala kama hii. Mpishi anaogopa mpaka anaandika: “Uongozi unasikitishwa na usumbufu wowote ambao huenda umejitokeza na unawaomba radhi wale ambao kwa namna moja au nyingine wamekwazika.” Ndani ya sentensi hiyo hakuna chakula, hakuna mgonjwa, hakuna mpishi. Mtu anayetapika tangu saa saba usiku ameambiwa kwamba “huenda” amepata “usumbufu”. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani Jennifer Robbennolt alichapisha utafiti ambamo watu walisoma kisa cha ajali na kuulizwa kama wangekubali fidia iliyopendekezwa. Waliopata radhi kamili walikuwa wepesi zaidi kukubali kuliko wasioombwa radhi kabisa. Lakini radhi ya nusu, ile ya kusikitika bila kubeba lolote, haikusaidia hivyo, na pale kosa lilipokuwa wazi au jeraha kubwa ilionekana hata kudhuru.

Kwa hiyo anayeshauri “sema pole tu, usikiri chochote kamwe” anakupa nusu ya ushauri. Pole tupu inatosha kwa saa chache, wakati hakuna ajuaye. Ukweli ukishajulikana, pole hiyo hiyo inakuwa tusi. Mengi hapa yanategemea unachoombea radhi. Tangu asubuhi ile ya kwanza kuna mambo unayoweza kuyaombea radhi kwa uhuru kwa sababu unayajua kwa hakika: umechelewa kupokea simu, kijana wako amemjibu vibaya ndugu wa bibi harusi, uliahidi kupiga saa sita ukapiga saa tisa. Radhi za namna hiyo ziombwe kamili, bila “kama”.

Siku mbili tatu zikipita bila jibu, andika tena. Ujumbe wa pili ndio watu husahau, na ukimya wa hapo ndio hupeleka wengi kwa wakili. Hauhitaji ufundi: “Mwenyekiti, mpaka leo nimepokea majina 17. Kwa taarifa nilizopewa, 14 wamepata nafuu na watatu bado wako kwenye matibabu. Afisa afya alifika jikoni jana, nimempa sampuli, orodha ya manunuzi na majina ya vijana waliopika, na nimemweleza chakula kilitoka saa ngapi na kugawiwa saa ngapi. Majibu bado. Kesho jioni nitawatembelea hao watatu, kama familia zao zitaridhia.” Hizo saa za kutoka na kugawiwa hazikuwekwa kundini siku ya kwanza, lakini afisa afya ameelezwa zote. Na mwenyekiti akikuuliza, “Chakula kilikaa saa ngapi?” mjibu ukweli: kilifika saa kumi na mbili, kikagawiwa saa tatu. Kutotangaza tafsiri yako ni haki yako. Kuficha au kugeuza tukio lenyewe ni uongo, na uongo huo huua kila neno jema uliloandika kabla yake.

Sasa tuseme taarifa imetoka, na kosa ni lako. Chakula cha moto kinatakiwa kitunzwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, na kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kuku wako walikaa saa tatu kwenye mabeseni yaliyofunikwa, bila moto. Baada ya kuzungumza na wakili, na kampuni ya bima kama unayo, muda wa kuzungukazunguka umekwisha:

“Mwenyekiti, taarifa ya afisa afya imetoka, nakala nimekuletea. Tatizo lilikuwa kwenye kuku. Tuliwafikisha ukumbini saa kumi na mbili, na hatukuwa na vyombo vya kuwatunza kwenye joto mpaka saa tatu. Ratiba ilichelewa, lakini kutunza chakula ilikuwa kazi yetu, na hatukuifanya ipasavyo. Naomba radhi kwako, kwa bibi harusi, kwa wazazi wake na kwa kila aliyeumwa. Kuanzia sasa chakula hakitoki jikoni kwangu bila vyombo hivyo, na ukumbi ukichelewa zaidi ya saa moja nitampigia mwenyekiti. Naomba tukutane Jumamosi saa nne tuzungumze gharama. Walio na stakabadhi za kituo cha afya waje nazo.”

Bado hakuna kiasi cha fedha hapa, na hakuna “wote”. Kuna siku, saa, na kitu cha kuleta. Ratiba iliyochelewa imetajwa mara moja, na haikugeuzwa kuwa utetezi. Ikiwa unataka sehemu ya lawama iende kwa kamati, hilo ni la mezani Jumamosi, chini ya “bila kuathiri haki”. Siku hiyo mkikubaliana, andikeni karatasi moja yenye jina la anayelipwa, kiasi, stakabadhi zinazohusika, na mstari unaosema kama malipo yanamaliza dai lote au ni sehemu tu. Kila mgonjwa asaini kwa ajili yake mwenyewe au mtoto wake, kwa sababu mwenyekiti wa kamati hana mamlaka ya kumalizia madai ya wageni.

Kuna hali moja ambayo haya yote hayaitoshi. Mtu akifariki, au polisi wakianza kuuliza, mpigie wakili kabla ya kuandika neno lolote zaidi ya rambirambi. Jambo likishakuwa la jinai, “bila kuathiri haki” haina kazi, na maelezo marefu ya nia njema yanaweza kusomwa kinyume na ulivyokusudia. Rambirambi yenyewe usiicheleweshe na usiikabidhi kwa msemaji. Iandike wewe, kwa jina la marehemu, mistari mitatu, bila habari za chakula. Nenda msibani kama familia inakukaribisha, na ukifika, usiwajadilie sababu.